Soo Nne kwa Mwezi: Bajeti ya Komredi Anayebeti Kama Burudani, na Venye Limiti Yake Haivunjiki

Kila msee anayebeti atakuambia ako na limiti. Ukimuuliza ni ngapi, atakupea namba haraka sana. Sasa muulize swali la pili: hiyo limiti unaihesabu aje? Hapo ndio stori hubadilika. Wengi husema "nimepoteza tu mia mbili mwezi huu," na ukifungua M-Pesa yake unapata ameingiza thao mbili kwa paybill ya kampuni ya beti. Hadanganyi. Anahesabu vibaya tu.

Leo tunapitia bajeti ya mwezi mmoja. Mwenye kuiandika ni komredi wa mwaka wa pili, tuseme anasomea Nairobi na anaishi kwa keja ndogo nje ya kampasi. Ni mfano, lakini hesabu zake ni zenye ungepata ukikaa chini na simu yako. Huyu komredi habeti ndio aomoke. Anabeti venye mwingine analipa kuingia muvi: doo ikitoka, imeenda, na ile raha ya kuangalia mechi ukiwa na kitu ndani ndio bidhaa aliyonunua. Ukiichukua hivyo, swali linakuwa moja tu: hiyo raha inauzwa bei gani, na unahakikisha aje haujalipa zaidi?

Kabla tuendelee, kama haujafika miaka 18 hii stori si yako. Hiyo ni sheria.

Anza na pesa yote, beti ikuje mwisho

Komredi wetu anapata 12,000 kwa mwezi, ukiweka pamoja ya kutoka nyumbani na kibarua cha wikendi. Aliigawa hivi:

- Keja: 4,500
- Msosi: 3,600
- Nauli ya mathree: 900
- Bando: 500
- Kuprinti na fotokopi: 300
- Sabuni, tokeni na gesi: 600
- Dharura: 600
- Burudani: 1,000

Angalia mahali beti iko. Haina fungu lake. Iko ndani ya ile thao moja ya burudani, pamoja na muvi, nyama choma na kutoka na mabeshte. Aliamua beti ichukue 400, na 600 zibaki za mambo mengine. Kwa hivyo akitaka kuongeza beti hadi 600, lazima akate plani ingine ya raha. Haiwezi kukula msosi, haiwezi kukula keja, na haiwezi kukula dharura.

Hiyo ndio maana ya kusema beti ni burudani. Si maneno ya kujituliza. Ni mahali unaiweka kwa karatasi. Ukiiweka chini ya "mapato" ama "hasla," utaanza kuipea doo kama biashara, na biashara ikipata hasara watu huongeza mtaji. Muvi ikiwa mbaya hakuna mtu huongeza mtaji. Unatoka tu unaenda home.

Na kama ukipanga hizo mafungu zako unapata burudani ni zero, basi limiti yako ya beti pia ni zero mwezi huo. Hakuna hesabu ya kuizunguka hiyo.

Tiketi inauzwa ngapi?

Muvi ina bei imeandikwa kwa mlango. Beti pia ina bei, lakini imefichwa ndani ya odi. Twende polepole hapa juu ndio roho ya stori.

Chukua mechi moja ya kawaida. Nyumbani 2.10, droo 3.30, ugenini 3.40. Sasa tuseme wewe unataka kushika zote tatu, ndio matokeo yoyote yakikuja upate 100 kamili. Kwa nyumbani utaweka 47.60, kwa droo 30.30, kwa ugenini 29.40. Jumlisha. Umetoa 107.30 ndio upate 100, na hauna njia ya kukosa. Hiyo 7.30 ndio tiketi. Kampuni inaishi hapo, hata kama kila msee mtaani anajua mpira kuliko kocha.

Ukiigeuza, inamaanisha kwa hiyo mechi, kila soo unayoweka inarudi wastani ya kama 93. Wikendi ingine utapata nyingi, ingine utapata zero, lakini ukibeti miaka na mikaka bila kujua kitu kampuni haijui, unaelekea hapo.

Halafu serikali iko mlangoni mara mbili. Sheria ya Fedha ya 2025 ilibadilisha venye ushuru wa beti unakatwa kuanzia Julai mwaka huo. Kuna asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwa akaunti yako ya beti, na asilimia 5 ya pesa unayotoa. Zamani ushuru ulikuwa unakatwa kwa dau na kwa ushindi. Sahii unahesabiwa ukiingia na ukitoka.

Fanya hesabu ya soo moja kutoka mfukoni. Ukiingiza 100, unabaki na 95 ya kucheza. Ukiiweka yote kwa nyumbani, odi 2.10, na ishinde, unapata 199.50. Ukitoa, asilimia 5 inaenda, inafika M-Pesa ikiwa karibu 189.50. Kwa hivyo ile odi ya 2.10 uliyoona kwa simu, kutoka mfukoni hadi mfukoni ni kama 1.90. Na kumbuka hiyo asilimia 5 ya kutoa haiangalii kama ni faida ama ni dau lako mwenyewe linarudi. Hata ukiingiza soo, ubadilishe nia, na uitoe bila kubeti, huipati yote.

Ukiunganisha bei ya kampuni na ushuru, kila 100 inayotoka kwa mfuko wa komredi kwa mechi kama hiyo inarudi wastani ya kama 84. Bei ya tiketi ni kama 16 kwa kila soo. Sasa amejua anachonunua.

Multi ni tiketi juu ya tiketi

Hapa ndio wengi huchomeka bila kujua. Singo moja inalipa ile tiketi ya 7.30 mara moja. Multi inailipa kwa kila mechi uliyoongeza. Kama mechi zote zina bei kama ile yetu, multi ya nne inarudisha wastani ya 75 kwa kila 100 hata kabla ya ushuru. Multi ya kumi inarudisha kama 49. Yaani nusu ya doo yako imeenda kwa tiketi, na ushuru bado haujakuja.

Mbona basi watu wanaipenda? Juu ya ile namba kubwa chini ya mkeka. Finje inakuambia inaweza kuwa thao kumi. Lakini mechi kumi, hata kama kila moja iko na nafasi ya nusu kwa nusu, zote kuingia ni mara moja kwa kila mara 1,024. Ukiweka mkeka kama huo kila wikendi, utangoja karibu miaka 20 ndio ufikishe mara hizo.

Komredi hakujikataza multi. Ni burudani, na kuwa na mechi nne za kufuatilia Jumamosi yote ni raha kuliko moja. Alichofanya ni kuandika: multi moja tu kwa mwezi, isizidi mechi nne. Zingine zote ni singo.

Sheria zake tatu

Namba ya 400 peke yake si limiti. Limiti ni sheria za kuihesabu. Zake ziko tatu, na kila moja inaziba shimo lake.

Ya kwanza: *inahesabiwa pesa inayoingia, si tofauti ya mwisho.* Akiingiza soo na ashinde 300, bado ametumia soo ya limiti. Ushindi haurudishi limiti nyuma. Hii ndio sheria inayokatazwa na moyo zaidi, kwa sababu ukishinda unaona kama ile ni "doo yao" unacheza nayo. Si yao. Ikishaingia kwa jina lako ni yako, na ukiirudisha ndani inalipa tiketi tena. Soo ikizungushwa mara tano kwa singo kama ile yetu, wastani inabaki kama 70, na mwenye simu anaona tu "nilibeti na soo moja."

Ya pili: *anaingiza mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, soo moja, kabla mechi ya kwanza kuanza.* Hakuna kuingiza tena hadi Jumamosi ingine. Soo nne, Jumamosi nne. Mwezi ukiwa na Jumamosi tano, moja anaangalia mpira bila mkeka. Mbona asiingize zote 400 mara moja? Juu doo ikiwa ndani ya akaunti iko bonyezo moja tu mbali na kuisha. Ikiwa bado M-Pesa, kuna PIN, kuna kuamua, na kuna ile sekunde ya kujiuliza.

Ya tatu: *ushindi unatoka, na unaenda fungu lingine.* Jumatatu anatoa kilichoko, na anakipeleka M-Shwari, mahali hakionekani kwa salio la kawaida. Kuna kampuni hazikubali utoe pesa kidogo sana, zina kiwango cha chini, na zingine zina ada ya kutoa. Hapo ndio mtego mdogo uko: unashinda finje, haitoki, basi unaona afadhali uibeti. Yeye aliandika hivi: kilicho chini ya kiwango kinabaki hadi Jumamosi na kinachezwa, lakini anaingiza pungufu ya hicho. Kama ni finje imekwama, Jumamosi anaingiza finje peke yake. Vichenji vya shilingi tano tano ndio pekee hahangaiki navyo.

Kuna kitu kimoja aliweka nje kabisa: Aviator na michezo mingine ya haraka. Hii inataka maelezo kidogo, kwa sababu kwa karatasi Aviator inakaa rahisi. Watengenezaji wake wanatangaza kwamba inarudisha asilimia 97, yaani tiketi ni 3 tu kwa kila soo. Si ni afadhali kuliko ile 7 ya mpira?

Hapana, juu tiketi inalipwa kila raundi, na raundi zinakimbia. Ukiweka 10 kwa raundi, raundi 100 ni thao moja imepita, na tiketi ya thao ni 30. Raundi 300 ni 90, na hapo ile 95 ya wiki imeisha kwa wastani. Raundi nyingi huisha ndani ya sekunde chache, kwa hivyo 300 ni jioni moja umelala kwa kitanda. Singo mbili za mpira zinakupea wikendi nzima. Kama unanunua raha, linganisha bei kwa saa, si bei kwa raundi.

Mwezi wenyewe, wiki kwa wiki

Sasa tuitembeze bajeti.

*Wiki ya kwanza.* Anaingiza 100, ushuru unakula 5, anabaki na 95. Anaweka singo mbili za 45, na 5 zinabaki. Zote mbili zinaungua kabla ya saa mbili usiku. Limiti imetumika: 100. Kimerudi: zero. Jumapili anaangalia mpira na mabeshte kwa kibanda bila mkeka. Dunia haijaisha.

*Wiki ya pili.* Anaingiza 100, anapata 95, na zile 5 za mwisho zinaifanya 100. Singo mbili za finje. Moja ni ile nyumbani ya 2.10, inaingia: 105. Ingine inaungua. Jumatatu anatoa 105, ushuru unakula 5.25, na 99.75 inafika M-Pesa kisha M-Shwari. Limiti imetumika: 200.

Simama hapa kidogo, juu wiki ya pili ndio limiti nyingi hufia. Komredi anaona karibu soo imerudi. Akili inamwambia, "kwani si nimerudi nyuma, nimetumia soo moja tu, basi nimebaki na mia tatu." Kwa hesabu yake hapana. Amebaki na 200. Hiyo 99.75 ni doo ya sabuni, ya bando, ya kitu kingine chochote isipokuwa mkeka.

*Wiki ya tatu.* Hii ndio ameiweka ya multi. Ameingiza 100, ako na 95. Anaweka 45 kwa multi ya mechi nne: 1.70, 1.85, 2.10 na 1.60. Ukizizidisha unapata odi ya 10.57, kwa hivyo inalipa kama 475. Zile 45 zingine ni singo. Singo inaungua mapema. Multi, mechi tatu zinaingia. Ya nne inaongoza 1-0 hadi dakika za nyongeza, halafu inasawazishwa.

Huu ndio wakati hatari kuliko yote ndani ya mwezi mzima. Haijamuuma kama kupoteza, imemuuma kama kuibiwa. Anaona alijua mechi zote, bahati tu ndio ilimkataa. Na ni saa mbili usiku, kuna mechi ya usiku Uhispania, na simu iko mkononi. Mtu asiye na sheria ya pili anaingiza soo ingine hapo, na Jumapili mbili zingine za kufukuza hiyo.

Lakini angalia hesabu. Mkeka uliokosa mechi moja na mkeka uliokosa zote nne vimelipa sawa: zero. Kukaribia hakuongezi nafasi ya mkeka unaofuata hata kidogo. Multi ya odi 10 imewekewa bei kama kitu kinachokataa mara nyingi kuliko kukubali, na kukataa kwa dakika ya mwisho ni moja ya njia za kawaida za kukataa. Komredi anafunga simu juu Jumamosi ingine ndio mlango unafunguka. Limiti imetumika: 300.

*Wiki ya nne.* Anaingiza 100, anapata 95, na zile 5 zilizobaki, 100. Singo mbili za finje. Moja ni droo ya 3.30, inaingia: 165. Ingine inaungua. Jumatatu anatoa 165, ushuru unakula 8.25, na 156.75 inafika. Limiti imetumika: 400. Mwezi umefungwa, hata kama kuna mechi kubwa Jumatano.

Sasa jumlisha. Zimeingia 400. Zimerudi 99.75 na 156.75, jumla 256.50. Amelipa 143.50 kwa wikendi nne za raha, yaani kama 36 kwa wikendi. Kati ya hiyo, 33.50 imeenda kwa ushuru, na 110 imebaki na kampuni. Hatujaweka ada za kutoa, kwa sababu zinategemea kampuni yako.

Huo ulikuwa mwezi wa kawaida, haukuwa mbaya wala mzuri. Wastani wa singo ungekuwa hasara ya kama 64. Mwezi mbaya kabisa ni 400 zote. Ndio maana kwa bajeti hakuandika 64, na hakuandika 143.50. Aliandika 400, kana kwamba hakuna kitakachorudi. Kikirudi, ni zawadi ya mwezi ujao, si mtaji wa mwezi huu.

Utajua aje limiti imevunjika?

Usijiulize mwenyewe, utajitetea. Uliza M-Pesa. Mwisho wa mwezi fungua historia ya M-Pesa, tafuta kila pesa iliyoenda kwa paybill za beti, na ujumlishe. Fanya kwa kila kampuni, juu akaunti ya pili kwa kampuni ingine ndio njia ya kwanza watu hutorokea limiti yao. Kama uliandika 400 na simu inasema 700, limiti yako ya ukweli ni 700. Ile ingine ilikuwa maombi.

Kuna ishara zingine huhitaji kalkuleta kuziona. Ya kwanza ni kuingiza doo ya Fuliza. Hiyo si burudani tena. Unakopa kununua tiketi, na mkopo wenyewe una ada yake juu ya zile 16 za kila soo. Ya pili ni kununua "odi za uhakika" kwa wasee wa Telegram. Angekuwa na uhakika, angeuza kwako soo mbili kwa nini? Na kama umenunua, hizo soo mbili pia ni za limiti. Ya tatu ni kutoa kwa fungu la msosi ukijiambia utarudisha Jumatatu. Ya nne ni kuanza kuficha, kugeuza simu beshte yako akikaribia.

Komredi ameandika kinachofanyika akivunja. Mara moja: mwezi unaofuata hakuna beti. Miezi miwili ndani ya mwaka: anapigia huduma ya wateja wa kampuni, anaomba akaunti ifungwe, na anafuta apu. Kabla hata ya hapo, aliingia kwa mipangilio ya akaunti akaangalia kama kuna mahali pa kuweka kiwango cha mwisho cha kuingiza kwa wiki. Kama kwako iko, iweke Jumatatu asubuhi ukiwa umetulia, si Jumamosi usiku mkeka ukiwa umechanika.

Na tuseme ukweli: kuna watu hii bajeti haiwasaidii. Kama umeshawahi kubeti doo ya fii, kama uko na deni lililotoka kwa beti, ama ukikaa Jumamosi moja bila mkeka unakosa usingizi, shida yako si hesabu. Hakuna limiti ndogo ya kutosha, kwa sababu soo moja itafungua mlango wa zingine. Hapo namba ni zero, na mtu wa kuongea naye ni kaunsela wa kampasi ama beshte mmoja unayeweza kumpea simu yako akague hizo paybill.

Kwa wengine wote, chukua karatasi leo. Gawanya pesa yote kwanza, tafuta fungu la burudani, na ukate beti kutoka hapo. Andika sheria tatu chini yake na tarehe za Jumamosi zako. Halafu kabla uweke mkeka wa kwanza, fungua M-Pesa ujumlishe ya mwezi uliopita. Hiyo namba iandike juu kabisa ya karatasi, ndio ujue unaanzia wapi.